Duka linavuja wapi? Hesabu ya wiki moja niliyofundishwa na binti yangu

Nina duka la rejareja Mbagala, la mahitaji ya nyumbani: sukari, sembe, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, soda, biskuti za watoto. Tangu wenzangu wa mchezo wasikie kwamba nimekamata upotevu wa shilingi 67,000 kwa wiki moja, siku haipiti bila mmoja kuniuliza. Daftari linaanzwaje? Niandike mpaka kiberiti? Nitajuaje kama kijana wa dukani ananiibia? Nimechoka kueleza barazani huku nahudumia wateja, ndiyo maana naandika hapa mara moja.

Ujue kwanza ilivyoanza. Binti yangu mkubwa, nyumbani tunamwita Dada, anasoma uhasibu chuoni, mwaka wa pili. Alirudi likizo akanikuta nalalamika kwamba duka linauza lakini nikienda Kariakoo kufunga mzigo fedha haitoshi. Nikamwambia nataka kumwondoa kijana anayenisaidia, maana hakuna mwingine anayegusa droo. Akaniuliza, "Mama, amechukua nini?" Nikasema fedha. "Kiasi gani? Siku gani? Za bidhaa ipi?" Sikuwa na jibu. Akasema basi tufanye hesabu ya wiki moja kwanza, kijana afukuzwe baadaye kama anastahili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kaunta buku moja ya kwaya mbili, kalamu mbili (moja itapotea), kikokotoo au simu, na bahasha ya kuwekea risiti za mzigo. Mizani yako uliyonayo inatosha. Tafuta pia asubuhi moja ya kufungua duka kwa kuchelewa, kwa sababu kuhesabu mali kwa mara ya kwanza kulituchukua saa 5, na duka langu ni la fremu moja tu.

Chagua siku ambayo mzigo hauji. Sisi tulianza Jumatatu alfajiri, tukamaliza Jumatatu iliyofuata, alfajiri vilevile.

Hatua ya 1: Tenganisha droo na mkoba wako

Weka chenji ya kuanzia kwenye droo, kiasi kile kile kila asubuhi. Mimi naweka 20,000. Jioni unahesabu droo, unatoa ile 20,000, kinachobaki ni fedha ya mauzo ya siku hiyo. Kama unapokea malipo kwa simu, tumia laini au lipa namba ya duka peke yake. Laini yangu ilikuwa inaingia ada za watoto, michango ya harusi na fedha za sembe humo humo, na siku ya kwanza tulishindwa kabisa kujua ipi ni ipi.

Ukitoa fedha kwenye droo kwa jambo lolote, hata shilingi 500 ya bodaboda, andika. Huzuiwi kutoa, fedha ni yako. Ila usipoandika, jioni itaonekana kama haikuuzwa.

Hatua ya 2: Gawa daftari

Usichore majedwali ya kutisha. Kurasa za mbele ziwe za mauzo ya kila siku, mstari mmoja kwa siku: taslimu, simu, na fedha iliyotolewa kwenye droo. Katikati weka manunuzi. Nyuma weka madeni, kila mteja na nafasi yake. Kisha tenga ukurasa mmoja wa vitu vilivyotoka bila kuuzwa: vilivyopelekwa nyumbani, vilivyooza, vilivyoliwa na panya.

Na jibu la swali la kiberiti ni hapana. Huandiki kila unachouza. Hilo ndilo lililonifanya niache daftari miaka yote: nilijaribu kuandika kila biskuti, kufika saa nne asubuhi foleni imenizidi, nikafunga buku. Kwa njia hii unaandika jumla ya siku tu, na kazi nzito inafanywa na kule kuhesabu mali mwanzo na mwisho wa wiki.

Hatua ya 3: Hesabu mali yote kwa bei ya kuuzia

Anza rafu ya juu kushoto, shuka kama unavyosoma. Mtu mmoja anahesabu na kutaja kwa sauti, mwingine anaandika. Kila bidhaa: idadi, mara bei unayomuuzia mteja.

Nilimuuliza Dada kwa nini bei ya kuuzia na siyo ya kununulia. Akaniambia kwa sababu tunataka kulinganisha na fedha iliyo kwenye droo, na droo inajua bei ya kuuzia peke yake. Nadharia iliishia hapo.

Bidhaa za kupima zihesabu kwa namna unavyoziuza. Mimi sukari nafunga robo robo, 800 kila moja, hata anayetaka kilo nampa robo nne. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 kwangu ni robo 200, yaani 160,000. Mafuta nauza kipimo cha mililita 100 kwa 600, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni vipimo 200, yaani 120,000.

Angalia hapa: kosa la wengi ni kukisia mfuko uliokwisha kufunguliwa. "Huu nusu, huu robo." Upime. Mfuko wa mchele unaoonekana nusu unaweza kuwa na kilo 19 au 30, na kilo hizo 11 zikikosewa, hesabu yote ya wiki imeharibika.

Hatua ya 4: Ishi wiki nzima na daftari

Mzigo ukiingia, andika siku hiyo hiyo mambo matatu: ulinunua kwa kiasi gani pamoja na usafiri wake, umepata vipande vingapi, na utauza kila kipande kwa kiasi gani. Bei ya kununulia itatusaidia baadaye, usiiruke.

Mteja akikopa, andika bidhaa na fedha. Akilipa deni la wiki iliyopita, fedha hiyo usiichanganye na mauzo ya leo. Iandike kwenye ukurasa wake wa deni na uiweke pembeni. Hili lilinipotosha siku mbili: fundi mmoja alinilipa 18,000 ya zamani, nikaiacha droo, na Dada akaona mauzo ya Jumatano yamepanda bila sababu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nikagundua hata ikija, inakuja bila habari.

Hatua ya 5: Hesabu tena na utafute pengo

Jumatatu ya pili, kabla ya kufungua, rudia hatua ya 3. Kisha fanya hivi. Namba ni zangu, zote kwa bei ya kuuzia:

Mali ya kuanzia: 1,840,000
Jumlisha mzigo ulioingia: 1,260,000
Toa mali iliyobaki: 1,905,000
Iliyotoka dukani: 1,195,000

Halafu upande wa pili, iliyotoka imekwenda wapi:

Taslimu na simu, pamoja na matumizi yaliyoandikwa kutoka droo: 1,023,000
Madeni mapya: 61,000
Vya nyumbani: 34,500
Vilivyoharibika, mikate zaidi: 9,500
Jumla: 1,128,000

Toa hiyo kwenye 1,195,000. Linabaki pengo la 67,000. Vitu vya thamani hiyo vimetoka dukani na hakuna anayejua vimekwendaje.

Nikasema, "Umeona? Si nilikwambia kijana?" Dada hakunijibu. Alirudi kwenye ukurasa wa manunuzi akanikokotolea faida ambayo wiki ile ilitakiwa inipe kabla ya kodi ya fremu na umeme: 143,000. Pengo lilikuwa limekula karibu nusu yake. Ndipo nilipokaa chini.

Hatua ya 6: Fuata pengo bidhaa kwa bidhaa

Usiamue sababu kabla ya kujua bidhaa. Chagua bidhaa 2 au 3 zinazotoka sana, uzifanyie hesabu peke yake. Sisi tulichukua sukari na mafuta, kwa sababu mfuko mmoja na ndoo moja vilifunguliwa Jumatatu na kwisha Jumapili, kwa hiyo hakukuwa na mabaki ya kutusumbua. Siku ya kufunga sukari, Dada alikuwa amepiga mstari kwenye karatasi kwa kila robo.

Mistari ilikuwa 185. Siyo 200.

Robo 15 mara 800 ni 12,000, na hazikuibwa, maana hazikuwahi kufungwa. Mfuko nilikuwa nimeununua 138,000 pamoja na kirikuu. Ulitakiwa unipe faida ya 22,000, ukanipa 10,000.

Hatua ya 7: Kagua mizani na vipimo

Hapa ndipo patamu, na ndipo ninapowasihi msiharakishe. Ondoa kila kitu kwenye mizani. Simama usawa wa macho na mshale, usiutazame kwa upande. Unagusa sifuri?

Wangu haukugusa. Ulikuwa umelala nyuma ya sifuri, gramu 20 hivi. Nikakumbuka: sahani ya zamani ya mizani ilitoboka, nikanunua nyingine nyepesi sokoni Tandika. Tangu siku ile, kila nikipima mpaka mshale ufike 250, mteja alikuwa anaondoka na 270. Gawa kilo 50 kwa gramu 270, unapata 185. Nilipoiona namba hiyo kwenye kikokotoo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kurekebisha: mizani nyingi za saa zina skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri. Izungushe taratibu sahani ikiwa juu yake. Ukikosa skrubu, au mshale ukirudi sifuri lakini ukiweka pakiti ya sembe ya kilo mbili isiyofunguliwa unasoma mbali na kilo mbili, usihangaike nayo, ipeleke kwa Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe kila mwaka na kubandikwa stika yao. Na usiende upande wa pili ukampunguzia mteja. Ni kosa kisheria, na mama wa uswahilini anajua uzito wa robo kwa kiganja chake.

Ukishairekebisha, chukua robo 10 ulizofunga, zipime kwa pamoja. Zitoke kilo 2 na nusu, na uzito mdogo wa mifuko. Kupima moja moja hakusaidii, tofauti ya gramu chache haionekani kwenye mizani ya duka. Zikiwa 10 inaonekana.

Kipimo cha mafuta tulikijaribu kwa maji. Kikaushe, kijaze maji mpaka pale unapojaza mafuta, mimina kwenye chombo, rudia mara 10. Pima maji peke yake, chombo ukikitoa. Mililita 100 za maji zina gramu 100, kwa hiyo mara 10 ni kilo moja kamili. Yangu yalikuja kilo 1 na gramu 90. Kipimo changu cha "mia" kilikuwa cha 109, kwa sababu nakijaza mpaka mdomoni. Ndoo ya lita 20 ikitoa vipimo 183 badala ya 200, umepoteza 10,200. Msifanye jaribio hili kwa mafuta yenyewe, ni mepesi kuliko maji na namba zitawadanganya.

Nikabadilisha kipimo. Wateja wawili walinung'unika kwamba nimepunguza. Niliwaonyesha kile kipya na bei ile ile kwa kila mililita 100, mmoja akaelewa, mwingine siku hizi ananunua mbele. Hiyo nayo ni gharama, siwafichi.

Mizani ile ile ndiyo inayopima mchele, sembe na maharage. Tulikadiria mipimo 140 ya wiki, kila mmoja na gramu zake 20, tukapata kama 5,600.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mkono wako mwenyewe

Alhamisi ya wiki ile nilitoa 20,000 droo kwenda kwenye mchezo. Sikuandika. Nilikumbuka Dada aliponiuliza kila siku nilikuwa wapi saa ngapi, na aibu niliyoona ni yangu peke yangu. Halafu mdogo wake, anayerudi shule saa tisa, alikuwa anajichukulia soda na biskuti akijua duka ni la mama. Tulipohesabu soda na biskuti asubuhi na jioni kwa siku chache, tukaona anafikisha kama 9,300 kwa wiki, yeye na rafiki zake.

Sukari 12,000, mafuta 10,200, vya kupima vingine 5,600, mchezo 20,000, mtoto 9,300. Jumla 57,100. Ilibaki 9,900 ambayo mpaka leo sijui ilikwenda wapi. Dada anasema pengo dogo litakuwepo daima: chenji iliyokosewa, biskuti zilizovunjika, kuhesabu vibaya. Kijana bado yupo dukani. Sikumwambia nilichokuwa nimekusudia.

Hatua ya 9: Tafuta hasara ambayo pengo haliionyeshi

Hesabu hii ina upofu mmoja. Kwa kuwa tunatumia bei ya kuuzia pande zote mbili, bidhaa unayoiuza bila faida haitaonekana kabisa. Namba zitafunga vizuri na wewe unakwisha.

Ndiyo maana nilisema usiruke bei ya kununulia. Kila mzigo mpya, gawa bei yake pamoja na usafiri kwa idadi ya vipande, uweke kando ya bei ya kuuzia. Kwangu ilikuwa sabuni ya mche. Zamani mche niliununua 2,700, nakata vipande 7 vya 500, napata 3,500. Mche ukapanda hadi 3,400. Mimi nikaendelea kukata 7, kwa mazoea ya kisu. Shilingi 100 kwa mche mzima, na kipande cha mwisho kikikatika vibaya sina kitu. Sasa nauza kipande 600, na wanaonunua ni wale wale.

Ukikwama

*Pengo limekuja upande wa pili, fedha imezidi mali.* Usifurahi. Mara nyingi umesahau kuandika mzigo ulioingia, au umechanganya malipo ya deni la zamani na mauzo. Angalia bahasha ya risiti kwanza. Ikiwa vyote viko sawa, kagua mizani, huenda unawapunja watu.

*Ulibadilisha bei katikati ya wiki.* Siku ya kubadilisha, hesabu bidhaa hiyo peke yake. Vilivyobaki mara ile nyongeza, kisha ongeza kiasi hicho kwenye upande wa mzigo ulioingia. Ukipunguza bei, toa.

*Pengo ni kubwa kuliko faida yote.* Kabla ya kumshika mtu shati, rudia kuhesabu mali ya mwisho. Sisi katika wiki ya tatu tulipata pengo la 150,000 tukakosa usingizi, kumbe mifuko miwili ya sembe na katoni moja ilikuwa uvunguni kwangu, nilikoihamisha mvua iliponyesha.

*Bidhaa moja inapungua kila wiki, ni ya kuhesabika kwa vipande, na mizani haihusiki.* Hiyo sasa ihesabu asubuhi na jioni, siku 6 mfululizo, na uandike nani alikuwa dukani zamu ipi. Usimtangazie mtu. Ikiwa inapungua zamu zote sawa, tafuta panya, watoto, au rafu iliyo karibu na dirisha.

*Msaidizi anasahau kuandika.* Kijana wangu alikuwa hasahau, alikuwa anaona haya mwandiko wake. Dada alimchorea picha kwenye boksi la biskuti: droo, mkate uliooza, nyumba, na mtu anayekopa. Anapiga mstari chini ya picha, anataja kiasi, jioni mimi naandika kwenye buku. Chini ya nyumba kuna mistari mingi kuliko kwingine, na mingi ni ya yule anayerudi shule saa tisa.